Tarehe 30 Juni iliyogongana: rufaa ya likizo ya mhasibu mmoja

Jumamosi ya tarehe 20 Aprili 2024, jirani yangu alinijia na fomu ya likizo iliyokunjwa mara nne. Ni mhasibu katika kampuni binafsi hapa Dar es Salaam, mimi ni afisa utumishi katika kampuni nyingine kabisa, na pale mtaani mambo ya kazi huwa yanaishia kwenye baraza langu. Alikuwa ameomba siku 28, kuanzia Jumatatu 6 Mei hadi Jumapili 2 Juni. Chini ya fomu, kwa kalamu nyekundu, meneja wake wa fedha alikuwa ameandika: "Haiwezekani. Hesabu za mwaka. Nenda Agosti."

"Kaka, huyu mtu ananionea," alisema hata kabla hajakaa. "Mama anafanyiwa upasuaji wa jicho tarehe 23 Mei kule Tanga. Agosti itanisaidia nini?"

Alikuwa na rasimu ya barua kwenye simu, ameiandika usiku ule ule aliokataliwa. Ilianza na "Nasikitishwa sana na kitendo cha meneja wangu", ikapita kwenye unyanyasaji, ikagusa Katiba, ikaishia na "likizo ni haki yangu na siwezi kunyimwa". Nilimwomba aiache kwanza tusome kilichoandikwa kwenye kanuni, kwa sababu sentensi ile ya mwisho ndiyo inayoangusha rufaa nyingi za likizo ninazopokea mezani kwangu. Anayeiandika anadhani ameshika sheria, na anayeisoma anaona papo hapo kwamba ameishika nusu.

Likizo ya mwaka ni haki, hilo halina ubishi. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinampa mfanyakazi angalau siku 28 mfululizo kwa kila mzunguko wa likizo, yaani kila miezi 12 ya kazi. Siku hizo zinahesabiwa pamoja na Jumamosi, Jumapili na sikukuu zinazoangukia ndani yake. Ila kifungu hicho hicho kinampa mwajiri mamlaka ya kupanga likizo hiyo ichukuliwe lini. Kwa hiyo mfanyakazi anayemwendea mkurugenzi na hoja kwamba Mei ni haki yake anaomba kitu ambacho sheria haikumpa, na mkurugenzi anaweza kumkatalia kwa adabu zote bila kuvunja chochote.

Pale sheria inapombana mwajiri ni kwenye ukomo wa muda. Likizo lazima ichukuliwe ndani ya miezi 6 tangu mzunguko uishe. Inaweza kusogezwa hadi miezi 12, lakini kwa masharti mawili yanayokwenda pamoja: mfanyakazi awe ameridhia, na mahitaji ya kazi yawe yanahalalisha. Sharti moja pekee halitoshi.

Basi nikamuuliza swali ambalo kwenye rasimu yake halikuwepo: uliajiriwa lini? Akasema 1 Januari 2020. Hapo kesi ikabadilika sura. Mzunguko wake uliisha 31 Desemba 2023, miezi 6 inakwisha 30 Juni 2024, na Agosti iko nje. Meneja, bila shaka kwa nia ya kuokoa kazi yake tu, alikuwa ameisogeza likizo kupita ukomo wa sheria bila kumuuliza mwenye likizo kama anaridhia.

Nilimwambia pia asimdharau meneja, kwa sababu sababu yake ilikuwa ya kweli. Kampuni yao inafunga mwaka wa hesabu 31 Desemba, na ritani ya mwisho ya kodi ya mapato, pamoja na hesabu zilizokaguliwa, inatakiwa TRA ndani ya miezi 6 baada ya mwaka kuisha. Nayo ni 30 Juni. Tarehe moja ilikuwa imebeba mambo mawili: siku ya mwisho ya ritani na siku ya mwisho ya likizo ya mhasibu anayeiandaa. Wakaguzi wa nje walikuwa bado ofisini wakiomba vocha na mikataba. Rufaa ambayo ingejifanya haioni jambo hilo ingekufa pale pale, maana neno la kwanza la mkurugenzi lingekuwa: na ritani je?

Tukafungua kitabu chao cha kanuni za utumishi, alikuwa nacho kwenye mkoba. Mambo matatu yalituhusu. Maombi ya likizo yawasilishwe siku 21 kabla. Yeye aliwasilisha tarehe 8 Aprili, siku 28 kabla, kwa hiyo hapo alikuwa salama. Meneja akikataa, aandike sababu na apendekeze tarehe nyingine. Meneja alifanya vyote viwili, tena kwa mstari mmoja. Na asiyeridhika aombe mapitio kwa mkurugenzi wa utawala ndani ya siku 7 za kazi, kupitia kwa meneja huyo huyo. Fomu ilirudi Jumatatu 15 Aprili, baada ya sikukuu ya Idi. Ukianza kuhesabu siku iliyofuata na kuruka wikiendi, siku ya saba ni Jumatano tarehe 24. Tulikuwa na nafasi, lakini si ya kuchezea.

Akaniuliza kama hawezi kutumia likizo ya dharura kwa ajili ya mama. Watu wengi wanachanganya hapa. Sheria ilivyokuwa wakati ule inatoa siku 4 zenye malipo kwa ugonjwa au kifo cha mtoto, na kwa kifo cha mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, au ndugu wa kuzaliwa. Mzazi aliye hai anayeugua hayumo. Inaumiza kuisoma, hasa kwa sisi ambao mzazi akiugua hakuna mwingine wa kumpeleka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Likizo ya mwaka ndiyo ilikuwa njia yake pekee.

Kabla ya kuandika neno, tulichora kalenda ya kazi yake nyuma ya bahasha. Kodi ya mishahara hupelekwa kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata kupita. Ritani ya kodi ya ongezeko la thamani mwisho wake ni tarehe 20. Ombi lake la kwanza, kuanzia 6 Mei, lilikuwa limeziziba tarehe zote mbili, na nikamwambia wazi kwamba hata mimi ningesita kulisaini. Lakini kati ya 20 Mei na 7 Juni kulikuwa na upenyo. Akiondoka Jumanne 21 Mei, siku moja baada ya ritani ya mwezi, na kurudi kazini Jumanne 4 Juni, siku tatu kabla ya kodi ya mishahara, anapata siku 14 kamili, upasuaji wa tarehe 23 uko ndani yake, na zinabaki wiki tatu na ushee za kumaliza ritani ya mwaka. Mama angetakiwa kuwekewa matone ya jicho mara kadhaa kwa siku kwa wiki nyingi baada ya upasuaji, ila wiki ile ya kwanza na ya pili ndizo alizotaka kuwepo mwenyewe. Baada ya hapo mdogo wake angefunga shule na kuchukua zamu.

Siku 14 zilizobaki angekubali zisogezwe. Hapa ndipo alipositasita. "Sasa si nitakuwa nimempa alichotaka?" Nikamjibu kwamba ridhaa yake ndiyo kitu pekee ambacho kampuni inakihitaji kutoka kwake na haina njia halali ya kukipata bila yeye kusaini. Akiitoa kwa nusu ya siku, kwa maandishi, na kwa tarehe zilizotajwa, anapata Mei yake. Akikataa zote, anaweza kuwa na haki kwa mujibu wa kifungu, na bado kampuni ikampangia siku 28 zote kuanzia 3 Juni, wakati mama ameshatolewa bandeji peke yake.

Hii ndiyo barua iliyokwenda, nimeondoa tu majina na anuani:

"Mkurugenzi wa Utawala,
Kupitia kwa: Meneja wa Fedha.
22 Aprili 2024.

YAH: OMBI LA MAPITIO YA MAAMUZI KUHUSU LIKIZO YANGU YA MWAKA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tarehe 8 Aprili 2024 niliomba likizo ya mwaka ya siku 28 kuanzia 6 Mei 2024. Tarehe 15 Aprili 2024 Meneja wa Fedha alinijulisha kuwa haitawezekana kutokana na kazi ya hesabu za mwaka, na akapendekeza mwezi Agosti. Nakala ya fomu nimeiambatisha.

Naitambua sababu aliyoitoa, kwani ritani ya mwaka inatakiwa kabla ya 30 Juni 2024 nami ni mmoja wa wanaoiandaa. Natambua pia kuwa kupanga muda wa likizo ni mamlaka ya mwajiri.

Hata hivyo, kwa heshima, naomba kuleta mbele yako kwamba mzunguko wangu wa likizo uliisha 31 Desemba 2023. Kwa mujibu wa kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, likizo hiyo inapaswa kuchukuliwa kabla ya 30 Juni 2024 kupita, isipokuwa nikiridhia isogezwe na mahitaji ya kazi yakihalalisha. Mwezi Agosti uko nje ya muda huo, na ridhaa yangu ilikuwa bado haijaombwa.

Mama yangu mzazi amepangiwa upasuaji wa jicho tarehe 23 Mei 2024 mkoani Tanga, nami ndiye wa kumhudumia. Barua ya hospitali nimeiambatisha.

Kwa kuzingatia kazi iliyopo, naomba yafuatayo. Kwanza, niruhusiwe siku 14 kuanzia 21 Mei hadi 3 Juni 2024. Tarehe hizi zinaanza baada ya ritani ya tarehe 20 na kuisha kabla ya kodi ya mishahara ya tarehe 7. Mwenzangu wa wadai ameridhia kushika nafasi yangu, na makabidhiano nitayafanya kwa maandishi. Pili, endapo hilo litakubalika, niko tayari kuridhia siku 14 zinazobaki zisogezwe hadi 12 hadi 25 Agosti 2024.

Naomba kuwasilisha.

Nakala: Afisa Utumishi."

Nataka kukaa kidogo kwenye sentensi tatu za barua hii, kwa sababu zilituchukua muda kuliko nyingine zote.

"Natambua pia kuwa kupanga muda wa likizo ni mamlaka ya mwajiri." Hakutaka kuiandika. Aliona kama anajifunga kamba mwenyewe. Lakini mkurugenzi, au mwanasheria atakayemuuliza, anaijua sehemu hiyo ya kifungu. Ukiitaja wewe kwanza, unamwondolea jibu rahisi na unamlazimisha asome aya inayofuata, ambayo ndiyo yenye uzito.

"Ridhaa yangu ilikuwa bado haijaombwa." Rasimu yake ilisema "meneja amekiuka sheria". Mambo yote mawili yanaelekeza mahali pamoja, ila la kwanza linaeleza lililotokea na la pili linamhukumu mtu. Meneja huyo ndiye atakayeipitisha barua, na kesho yake ndiye atakayekaa naye meza moja wakilinganisha hesabu za benki. Mkurugenzi naye akiona neno "amekiuka", kazi yake ya kwanza inakuwa kumtetea meneja wake. Akiona "haijaombwa", kazi yake inakuwa kuiomba.

"Kabla ya 30 Juni 2024 kupita." Tuliandika tarehe, hatukuishia kwenye "ndani ya miezi sita". Mkurugenzi hana muda wa kutafuta tarehe ya ajira kwenye jalada. Nilimwambia athibitishe hiyo 1 Januari kwenye mkataba wake, asiitaje kwa kukumbuka, kwa sababu tarehe ya kuanza ikikosewa kwa mwezi mmoja tu, ukomo wote unahama na hoja inaporomoka.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kuipeleka masijala, alikwenda kwa meneja na nakala mkononi. Hili nililisisitiza. Kumpita mkubwa wako kimyakimya, hata kama kanuni inaruhusu rufaa, kwetu kunasomeka kama kumchongea. Alimwambia: "Mzee, nimeomba mkurugenzi aliangalie suala langu la likizo, na barua inapitia kwako. Nimeona nikuonyeshe mwenyewe usije ukakutana nayo kwenye jalada." Meneja aliisoma amesimama. Alipofika kwenye tarehe 21 Mei akauliza tu, "Na wadai nani ataangalia?" Alipojibiwa, alichukua kalamu na kuandika pembeni: "Napendekeza ikubaliwe kwa tarehe mpya, mradi hesabu za benki za Aprili ziwe zimekamilika." Ningekuwa nabashiri nisingethubutu kutarajia maoni hayo. Nadhani alikuwa hajawahi kuonyeshwa njia ya kukubali bila kuhatarisha ritani, na ile bahasha yenye kalenda ndiyo iliyompa.

Mambo yangeweza kwenda vingine. Meneja anaweza kuikalia barua kwenye trei mpaka siku saba zipite. Ndiyo maana nakala ya afisa utumishi ilikwenda siku hiyo hiyo na kupigwa mhuri wa kupokelewa, na nakala ya mwenyewe ikagongwa mhuri huo huo. Tarehe ya mhuri ndiyo inayothibitisha kwamba rufaa iliwahi. Na mkurugenzi angeweza kukataa pia. Hapo nilimtahadharisha mapema asije akaondoka tu tarehe 21 kwa kuwa sheria iko upande wake. Kutoonekana kazini zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa wala sababu ya kukubalika ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtu, na kesi nzuri ya likizo ingegeuka kesi mbaya ya utoro. Njia iliyobaki ingekuwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, ambako mgogoro usiohusu kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 60 tangu ulipozuka. Njia hiyo ipo na ni halali, ila isingempeleka Tanga tarehe 23.

Jibu lilikuja Jumatatu 29 Aprili. Mkurugenzi alikubali tarehe zote mbili, na akamwelekeza afisa utumishi aandae hati ya ridhaa. Hati hiyo nilimwomba anionyeshe kabla ya kusaini, na nashukuru nilifanya hivyo. Ilisema anaridhia likizo yake "isogezwe hadi hapo hali ya kazi itakaporuhusu". Maneno hayo yanafuta kila kitu alichopigania. Ridhaa isiyo na tarehe inaweza kuvutwa mpaka 31 Desemba, ambapo miezi 12 inakwisha, na siku zilizopita muda wake bila kuchukuliwa ni ngumu sana kuzidai fedha mtu anapoacha kazi. Akamrudishia afisa utumishi kwa upole: "Naomba tuweke zile tarehe 12 hadi 25 Agosti kama zilivyo kwenye uamuzi wa mkurugenzi." Zikaandikwa bila maneno, kwa dakika tano.

Kosa moja lilikuwa langu. Sheria inataka mfanyakazi alipwe mshahara wa siku za likizo kabla likizo haijaanza, na barua yetu haikuligusa hilo hata kwa mstari mmoja. Mshahara wa Mei uliingia mwisho wa mwezi kama kawaida. Nauli ya Tanga na gharama za hospitali zilihitajika tarehe 21 na 22, na ilibidi akope kwenye kikoba cha mtaa. Nililigundua aliponipigia simu akiwa wodini, mama amelala jicho moja limefunikwa, akiniuliza kama najua mtu wa kumkopesha hadi mwisho wa mwezi.

Fomu ya Agosti aliijaza mwenyewe mwezi Julai. Kwenye sehemu ya maelezo aliandika: "Naomba malipo ya siku hizi 14 yafanyike kabla ya 12 Agosti 2024." Fedha ziliingia Ijumaa ya tarehe 9.